Karatasi ya kuuziana simu: IMEI, hali ya simu na saa ya kukabidhiana

"Habari wakili. Nimempata kijana anauza Samsung Galaxy A54 iliyotumika kwa shilingi 450,000. Tumekutana mtandaoni, yeye yuko Sinza, mimi niko Mbagala. Boksi anasema lilitupwa wakati anahama, na risiti hana. Yuko tayari tuandikishane karatasi, kila mtu asaini. Je, karatasi hiyo ina nguvu bila muhuri wa mwanasheria? Niandike nini ndani yake? Na ikija kugundulika kuwa simu ni ya wizi, karatasi itanilinda?"

Ndugu yangu, karatasi mtakayosaini ninyi wawili ni mkataba kamili. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, haidai muhuri wa wakili kwenye mauziano ya simu. Inachotaka ni kwamba wote wawili muwe watu wazima wenye akili timamu, mkubaliane kwa hiari, pawe na malipo, na jambo lenyewe liwe halali. Hata makubaliano ya mdomo yangefunga. Shida yake huja siku ya kuyathibitisha, kila mmoja anapokumbuka kivyake. Muhuri wangu ungeonyesha tu kwamba mlisaini mbele yangu, usingeifanya simu kuwa ya kijana huyo kama si yake. Kwa simu ya 450,000 sioni sababu ya kulipia muhuri.

Swali la wizi ndilo zito, na jibu lake ndilo linaloamua karatasi iandikweje, kwa hiyo nianze nalo. Watu wengi wanaamini kwamba ukishaandikishana na kulipa, mali ni yako, hata kama aliyekuuzia aliiba. Sivyo. Chini ya Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, muuzaji hakupi haki kubwa kuliko aliyonayo mwenyewe. Mwizi hana umiliki, kwa hiyo hata akikuandikia kurasa kumi na kuleta mashahidi saba, hakuna umiliki uliohama. Mwenye simu akijitokeza na ushahidi wake, simu inarudi kwake. Wewe unabaki na dai la fedha dhidi ya aliyekuuzia.

Hapo karatasi inakusaidia kwa namna mbili. Kwanza, inakupa mtu wa kumdai, kwa jina lake halisi, pamoja na ahadi yake kwamba simu ni yake. Pili, inakutenganisha na mwizi. Kupokea mali ya wizi ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, lakini lazima uwe ulijua kwamba ni ya wizi, au ulikuwa na sababu ya kuamini hivyo. Mtu aliyekagua namba za IMEI za simu, akalipa bei inayoeleweka, akachukua utambulisho wa muuzaji na kuandika yote hayo siku ileile, ana cha kuonyesha. Aliyenunua usiku kituo cha daladala kwa robo ya bei atapata taabu kujieleza. Ndiyo maana bei iandikwe ile ile mliyolipana. Mkiishusha kwenye karatasi, siku ya shida itasomeka kama bei ya mali ya wizi.

Ni vizuri ujue pia jinsi polisi wanavyomfikia mnunuzi, maana ukielewa hilo utajua kipi hakipaswi kukosekana kwenye karatasi. Kila simu ina namba ya IMEI yenye tarakimu 15, na simu ya laini mbili kama A54 ina IMEI mbili. Simu inapojiunga na mtandao, mtandao unaona vitu viwili pamoja: IMEI ya simu na laini iliyomo. Aliyeibiwa anakwenda kituoni, anafungua taarifa na kupewa namba ya RB. Uchunguzi ukianza, kampuni ya simu inaweza kueleza ni laini gani zimewahi kuwekwa kwenye IMEI hiyo na lini. Laini zimesajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA. Kwa hiyo ukiweka laini yako kwenye simu hiyo, jina lako linaingia kwenye orodha. Simu ya kituoni itakuja kwako kabla ya kwenda kwa kijana wa Sinza.

Miaka michache nyuma alikuja kwangu kijana aliyeitwa kituoni kwa ajili ya simu. Alikuwa na karatasi, imesainiwa na kuna shahidi, lakini ilisema hivi tu: "Nimemuuzia simu aina ya Samsung, nyeusi, nimepokea hela yangu yote." Haikuwa na IMEI, na tarehe ilikuwa ya mwezi bila siku. Askari alimuuliza swali moja, "Hii karatasi ni ya simu hii au ya Samsung nyingine?" Hakuwa na jibu, nami sikuwa nalo. Tuliokolewa na meseji ya M-Pesa, ambayo ilikuwa na jina la muuzaji, kiasi, siku na dakika. Tangu hapo, mtu akiniuliza karatasi ya simu iandikweje, namwambia aifunge na vitu vitatu: IMEI zote mbili, utambulisho wa mtu, na saa ya kukabidhiana. Saa ni muhimu kwa sababu rekodi za mtandao zina saa. Laini iliyotumika saa nne asubuhi si yako kama ulikabidhiwa simu saa nane mchana.

Na hilo linamlinda muuzaji vilevile. Mweleze hivyo akisita. Ukiitumia simu hiyo kesho kutapeli watu, karatasi yenye saa ndiyo itakayoonyesha kwamba ilikuwa imeshatoka mikononi mwake.

Sasa tuzikague IMEI. Kwenye sehemu ya kupigia, andika:

```
*#06#
```

Zitatokea namba mbili. Fungua pia `Settings`, kisha `About phone`, uone kama ni zilezile. Zikitofautiana, acha biashara, maana simu imechezewa. Kisha tuma IMEI ya kwanza kwa meseji kwenda 15090, huduma ya Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA. Jibu linakutajia kampuni na aina ya simu ambayo namba hiyo inastahili. Hili linawezekana kwa sababu tarakimu 8 za kwanza za IMEI zimegawiwa kwa aina moja ya simu. Ukiwa umeshika A54 na jibu likataja simu nyingine, namba hiyo imepandikizwa. Mfumo huu ndio uliotumika kuzima simu bandia nchini katikati ya Juni 2016.

Usiitwike huduma hiyo mzigo usio wake, hata hivyo. Jibu zuri la 15090 linasema namba ni halali kwa aina hiyo ya simu. Halisemi kwamba simu ni ya huyu aliyeishika. Simu iliyoibiwa jana usiku, ambayo mwenyewe bado yuko kwenye foleni ya kutoa taarifa, itajibu vizuri kabisa.

Unapoinakili IMEI kwenye karatasi, soma tarakimu tatu tatu kwa sauti, mwenzako akifuata kwa macho. Kosa la tarakimu moja linaifanya karatasi kuwa ya simu nyingine. Bahati nzuri tarakimu ya 15 ipo kwa ajili ya kulinda kosa hilo. Chukua namba ya kufundishia, 490154203237518. Acha ya mwisho pembeni, 8. Katika zile 14 zilizobaki, kila ya pili izidishe kwa mbili, na jibu likiwa na tarakimu mbili zijumlishe: 9 inakuwa 18, yaani 1 na 8, ambayo ni 9. Mstari mzima unakuwa 4, 9, 0, 2, 5, 8, 2, 0, 3, 4, 3, 5, 5, 2, na jumla yake ni 52. Kufika 60, kumi kamili inayofuata, inahitajika 8, na 8 ndiyo tarakimu ya mwisho. Ikilingana, kwa kawaida umeinakili sawa. Isipolingana, rudia kunakili kabla hujasaini. Hesabu hii ni ya kukamata kosa la kalamu tu, usiitumie kupima wizi.

Kuhusu boksi na risiti, kutokuwepo kwake si ushahidi wa wizi. Watu wanahama na wanatupa maboksi. Lakini mwenye simu halali ana njia nyingine ya kuonyesha kwamba amekaa nayo. Mwombe, kabla hajatoa akaunti yake, afungue ukurasa wa `android.com/find` kwa akaunti yake ya Google, achague simu hiyo, na abonyeze alama ya maelezo pembeni ya jina lake. Kwa kawaida hapo hutokea IMEI na tarehe simu iliposajiliwa kwenye akaunti hiyo mara ya kwanza. Anayesema ameitumia mwaka mzima, na akaunti inaonyesha juzi, ana maswali ya kujibu. Muulize pia alinunua duka gani. Kama ni duka la Mtaa wa Aggrey pale Kariakoo au kwingineko lililompa dhamana, huenda lina kumbukumbu zake, na safari ya kuuliza ni fupi.

Kuna jambo lingine ambalo hukuliuliza, nami nakuomba ulitilie maanani zaidi ya wizi, kwa sababu muuzaji anaweza kuwa na boksi, risiti, kila kitu, na bado ukaumia. Ni simu za mkopo, zile za kulipia kidogo kidogo kwa siku au kwa wiki. Mtu anachukua simu kwa kianzio, inakuwa mkononi mwake, lakini mara nyingi mkataba wake unasema simu si yake mpaka amalize deni. Akiiuza katikati, anauza asichokimiliki bado, na kampuni iliyomkopesha ina haki zake palepale.

Kinachowaponza wanunuzi ni jinsi loki yake inavyofanya kazi. Simu inakuwa imeandikishwa kwa IMEI yake kwenye mitambo ya usimamizi, na ndani yake kuna programu isiyotoka. Deni likilipwa, inafanya kazi kama simu nyingine yoyote. Malipo yakisimama, inajifunga. Mwenye nia mbaya analipia siku chache mbele, anakuuzia, unaondoka unafurahi, kisha baada ya wiki kioo kinakuja na ujumbe wa kudai malipo. Kuifuta simu yote hakusaidii, maana ikiunganishwa tu na intaneti inajitambulisha upya na loki inarudi. Ndiyo sababu namkatalia mtu anayesema "nitakuflashia, utaikuta safi." Usafi huo unaweza kudumu mpaka bando litakapowashwa.

Kipimo chake ni hiki, na kifanyike kabla ya kulipa. Muuzaji mwenyewe aende `Settings`, `Accounts and backup`, `Manage accounts`, atoe akaunti ya Google na ya Samsung, akiandika nywila yake kila inapoulizwa. Hapo unaona kitu ambacho karatasi haiwezi kukuonyesha, yaani kama anaijua nywila. Aliyeiokota au kuinunua kwa mwizi kwa kawaida haijui, na atasema amesahau. Kisha afute kila kitu kupitia `Settings`, `General management`, `Reset`, `Factory data reset`. Isifutwe kwa kubonyeza vitufe vya pembeni simu ikiwa imezimwa, kwa sababu njia hiyo inaacha loki ya akaunti nyuma. Simu ikiwaka upya, iunganishe na intaneti ya simu yako mwenyewe, uipitishe hatua zote mpaka ukurasa wa mwanzo. Isiulize akaunti ya zamani, isiseme inasimamiwa na kampuni yoyote, isipakue yenyewe programu ya malipo. Baada ya hapo pitia orodha ya programu uone kama kuna ya mkopo ambayo kitufe cha kuiondoa hakibonyezeki.

Zoezi hilo huchukua kama nusu saa. Anayekuambia ana haraka, mwambie mtakutana siku ambayo hana haraka. Nalo lina mpaka wake: simu ya mkopo inaweza isijionyeshe siku hiyo. Kwa hiyo kwenye karatasi pawe na sentensi inayosema simu haina deni, na ikijifunga kwa deni la kabla ya mauzo, anarudisha fedha yote.

Tuje kwenye hali ya simu, mahali ambapo wengi huandika "iko freshi, haina tatizo" na kuridhika. Hapa sheria ni kali kwa mnunuzi. Ukinunua kwa mtu ambaye si mfanyabiashara wa simu, sheria haikuwekei dhamana ya ubora kama inavyofanya dukani. Unabaki na kile alichokuahidi na kile alichokieleza. Kama alichokieleza ni "freshi", mahakama haitajua freshi ni nini. Kwa hiyo eleza kitu kinachoonekana na kupimika.

Kwa Samsung nyingi kuna ukurasa wa majaribio unaofunguka ukipiga:

```
*#0*#
```

Bonyeza `Red`, `Green` na `Blue` uone kama kioo kina mstari au doa. Bonyeza `Touch`, upitishe kidole kwenye visanduku vyote. Kisanduku kisichobadilika rangi ni sehemu ya kioo iliyokufa. Kisha jaribu laini zote mbili kwa kupiga na kupokea, kamera ya mbele na nyuma, spika, maiki, alama ya kidole, na chaji ikiwa na waya. Muulize wazi kama kioo kimewahi kubadilishwa. Kioo kilichobadilishwa si dhambi, lakini A54 ilitoka kiwandani na kinga dhidi ya maji, na ikishafunguliwa na fundi usiihesabu kinga hiyo tena. Bei inapaswa kushuka kwa sababu hiyo, na karatasi iseme.

Kasoro mnazoziona zote ziandikwe, hata ndogo: mkwaruzo kona ya juu kulia, kava ya nyuma ina ufa wa sentimita mbili. Muuzaji mkweli atapenda hili, maana kasoro iliyoandikwa huwezi kurudi kumdai. Maneno "inauzwa kama ilivyo" si mabaya, yanamaanisha umeikubali na kasoro ulizoonyeshwa. Hayamlindi aliyekudanganya, kwa mfano aliyesema kioo ni cha kiwandani huku akijua si hivyo.

Mnunuzi anahitaji pia siku za kuijaribu, kwa sababu betri inayokufa mchana au simu inayojizima haionekani kwa nusu saa. Sheria haikupi siku hizo kwa mauziano ya watu binafsi, ni lazima mkubaliane. Kwa desturi naona saa 72 ni haki kwa pande zote, mradi isiwe imedondoka, kuingia maji au kufunguliwa na fundi ndani ya muda huo.

Kwa simu yenu, ningeandika hivi. Iandikwe kwa mkono ikibidi, nakala mbili, wino usiofutika:

MAKUBALIANO YA KUUZIANA SIMU ILIYOTUMIKA

Leo tarehe ……, saa ……, hapa …… (mahali), mimi …… (majina matatu), NIDA namba ……, mkazi wa ……, simu ……, "Muuzaji", nimemuuzia …… (majina matatu), NIDA namba ……, mkazi wa ……, simu ……, "Mnunuzi", simu ifuatayo:

Samsung Galaxy A54, rangi ……, hifadhi GB ……, IMEI 1 ……, IMEI 2 ……. Simu inauzwa pamoja na …… (chaja, kava). Boksi na risiti havipo. Muuzaji anaeleza aliinunua …… (duka na mwaka).

Bei ni shilingi 450,000 (laki nne na nusu), imelipwa yote kwa M-Pesa kwenda namba …… yenye jina ……, muamala namba ……, saa …….

Muuzaji anathibitisha kwamba simu ni mali yake, si ya wizi wala ya kuokota, haijawekwa rehani, na haina deni la mkopo. Ikidaiwa na mwenye haki, kuchukuliwa na polisi, kuzuiwa kwenye mtandao au kujifunga kwa sababu iliyotokea kabla ya saa iliyoandikwa juu, Muuzaji atarudisha bei yote ndani ya siku 7 tangu ataarifiwe.

Hali ya simu: kioo ……, kimewahi / hakijawahi kubadilishwa, mwili ……, laini zote mbili, kamera, spika, maiki, alama ya kidole na chaji vimejaribiwa mbele yetu na ……, kasoro zilizoonekana ni …….

Muuzaji ametoa akaunti zake na kuifuta simu mbele ya Mnunuzi. Simu imewashwa, imeunganishwa na intaneti na haikuuliza akaunti ya zamani.

Mnunuzi ana saa 72 za kujaribu. Ikionekana kasoro ambayo haikuandikwa hapa, na simu haijadondoka, kuingia maji wala kufunguliwa, atairudisha na kurudishiwa fedha yote. Baada ya muda huo Mnunuzi anaipokea kama ilivyo, isipokuwa kuhusu umiliki na deni.

Kuanzia saa iliyoandikwa juu, matumizi yote ya simu hii ni jukumu la Mnunuzi. Matumizi ya kabla ya hapo ni jukumu la Muuzaji.

Sahihi ya Muuzaji ……, sahihi ya Mnunuzi ……, shahidi …… (jina, simu, sahihi).

Angalia kwamba ahadi ya umiliki haina saa 72. Mwenye simu anaweza kujitokeza baada ya miezi sita, na wewe huna namna ya kuharakisha hilo, kwa hiyo usikubali isogezwe ndani ya muda wa majaribio. Wauzaji wengi hujaribu hapo, wengine bila nia mbaya, kwa kudhani dhamana zote ni kitu kimoja.

Siku ya kukabidhiana, mkutanie mahali penye watu mchana, na pazuri kuliko pote ni ofisi ya serikali ya mtaa wake. Mwenyekiti au mjumbe anayemfahamu akisaini kama shahidi, umepata mtu anayejua kijana huyo anakaa nyumba ipi, ambacho ndicho utakachohitaji siku ya kumtafuta. Omba kitambulisho chenyewe, usipokee picha iliyotumwa WhatsApp. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na 8 za kwanza ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Mtu wa miaka ishirini na kitu akikupa namba inayoanza na 1971, uliza. Hapohapo utaona pia kama ametimiza miaka 18.

Fedha iwe ya mwisho, baada ya majaribio na kuandika, kabla ya kusaini. Nashauri M-Pesa au mfumo mwingine wa simu kuliko taslimu, kwa sababu kabla hujathibitisha muamala unaonyeshwa jina la anayepokea, nalo lifanane na la kitambulisho. Akisema "tuma kwa namba ya shemeji, yangu ina deni", basi shemeji aje asaini pia, au muuzaji mwenyewe alipwe taslimu mbele ya shahidi na iandikwe hivyo. Na kama ikitokea kwamba anayekuja ni winga anayeuza kwa niaba ya mtu mwingine, mwenye simu ndiye asaini kama Muuzaji. Winga asaini kama shahidi. Sahihi ya winga peke yake inakuachia mtu ambaye atasema yeye alipata elfu ishirini tu.

Mazungumzo yenu ya mtandaoni usiyafute. Chini ya Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, meseji zinaweza kupokelewa kama ushahidi, na tangazo lake lenye maneno "kioo orijino, haijafunguliwa" linaweza kuwa na uzito kuliko sentensi yoyote ya kwenye karatasi. Kila mmoja abaki na nakala ya karatasi, na muipige picha palepale. Picha ya kitambulisho chake ibaki kwako, usiisambaze kwenye magrupu hata mkigombana.

Sasa, wakati wa kwenda kwa mtu ana kwa ana. Ukiitwa kituoni kuhusu simu hiyo, nenda mapema, ukiwa na karatasi, meseji ya malipo na simu yenyewe. Usiiuze haraka kwa mwingine wala usiipeleke kwa fundi abadilishe IMEI, kwa sababu kuchezea IMEI ni kosa chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010, na litakugeuza mtuhumiwa kutoka kuwa shahidi. Wakiichukua simu kama kielelezo, omba maandishi ya kuipokea. Ukiona mahojiano yanakulenga wewe kama mshukiwa, hapo ndipo pa kumwita wakili kabla ya kuandika maelezo.

Kama shida ni fedha tu, yaani simu imejifunga au kasoro imefichwa na kijana hapokei tena simu, anza na mwenyekiti yule aliyeshuhudia. Mpe muuzaji barua fupi yenye siku 7, kama karatasi inavyosema. Zikipita, dai la laki nne na nusu linafunguliwa Mahakama ya Mwanzo, linaendeshwa kwa Kiswahili, na unaweza kujieleza mwenyewe bila wakili. Hakimu atataka kuona karatasi, meseji ya malipo, na shahidi akiwa amesimama mbele yake. Kwa hiyo siku ya kusaini chagua shahidi ambaye mwakani utajua pa kumpata.